Dakika kumi mbele ya jopo: niseme nini ili nipewe depo?

*Jambo sana, Yaya.*

*Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Katuba. Huu ni mwaka wangu wa sita kama magazinye msaidizi katika kampuni inayokarabati malori ya migodini hapa Lubumbashi. Shefu wetu wa depo anaenda pensheni. Nafasi yake imetangazwa ndani ya kampuni na tuko watatu tunaoitaka. Baada ya majuma matatu kila mmoja atasimama mbele ya jopo: mkuu wa wafanyakazi, mkuu wa fedha na mkuu wa karakana. Dakika kumi za kusema, kumi za maswali. Wanataka matokeo ya kazi, namna tulivyokua, na mipango ya miezi 12.*

*Nimeandika kurasa nne: nafika saa kumi na mbili asubuhi, sijakosa kazi, napokea mzigo, napanga, natoa, najaza fishi za stoki. Mume wangu anasema ni nzuri, lakini moyo wangu hautulii. Mazuri ya depo tuliyafanya watu watano. Katika daftari langu, hesabu ya Desemba 2022 ilikuwa aina 1,240 za vipuri, na 310 hazikulingana na fishi. Juni 2023: aina 1,260, tofauti 176. Desemba 2024: aina 1,310, tofauti 92. Mimi ndiye niliyeomba, Machi 2023, tuhesabu aina 30 kila Jumamosi badala ya kungoja mwisho wa mwaka. Lakini Septemba 2023 ikaja programu ya kompyuta, na mwenzangu anasema ndiyo iliyofanya yote. Tena kila mtu anakumbuka kwamba mwaka 2022 nilitoa pampu ya maji ambayo si ya lori lile, na lori likalala siku mbili.*

*Nisemeje bila kuonekana najisifu?*

*Magazinye wa Katuba*

Mdogo wangu, jambo.

Zile kurasa nne ziweke kabatini. Hazina uongo, ila zinaeleza kazi ambayo tayari unalipwa kila mwisho wa mwezi. Najua kwa sababu niliwahi kusimama mbele ya jopo na kurasa za namna hiyo. Nilikuwa nimefanya miaka minane katika depo, nikawaeleza jua na mvua nilizovumilia. Mmoja wao akaniuliza: "Mama, tangu uingie pale, kitu gani kimekuwa tofauti?" Nilinyamaza muda mrefu kuliko nilivyosema. Nafasi akapewa kijana niliyemfundisha mimi kujaza fishi. Baadaye nilipoitwa kukaa upande wa pili wa meza, nikagundua kwamba swali lile ndilo tunalotaka kujibiwa siku zote, hata tunapoliuliza kwa maneno mengine.

Wewe jibu unalo, limo katika daftari lako. Umeliweka mwisho wa barua kama mtu anayeomba radhi.

Tupige hesabu. Desemba 2022, aina 930 kati ya 1,240 zililingana na fishi, yaani asilimia 75. Juni 2023 zililingana 1,084 kati ya 1,260, asilimia 86. Desemba 2024, 1,218 kati ya 1,310, asilimia 93. Kwa lugha ya depo, mwaka 2022 fishi moja katika kila nne ilikuwa inadanganya. Leo zinadanganya saba katika mia. Sentensi hizo mbili ndizo mwanzo wa dakika zako kumi. Usianze na historia ya maisha yako, wala na shukrani ndefu kwa wakubwa. Salamu, jina, kisha sentensi hizo.

Sasa tazama tarehe, kwa sababu hapo ndipo mwenzako anapokosea. Programu ililetwa Septemba. Hesabu ya Juni ilifanyika miezi mitatu kabla, na tayari mlikuwa mmepanda pointi 11, kwa kalamu na fishi za karatasi. Pointi 7 zilizobaki zilikuja programu ikiwapo. Hizo usizichukue zote, wala usizikatae zote. Sema wazi: "Kumi na moja zilikuja kabla ya kompyuta. Saba zilizofuata tulizipata pamoja nayo, na siwezi kuzitenganisha." Mkuu wa fedha akisikia mtu anajipunguzia hesabu mwenyewe, ataziamini zaidi zile 11. Nimeona watu wakipoteza jopo kwa sababu walitaka zote 18, swali moja likafunua, na baada ya hapo hata la kweli halikusikika tena.

Lakini kuna swali gumu kuliko hilo la kompyuta, na mtu wa fedha anayejua kazi yake ataliuliza. Mnapohesabu Jumamosi na kukuta tofauti, mnafanya nini? Mnasahihisha fishi ili ilingane na rafu. Basi ni lazima asilimia ipande, hata kama wizi, uzembe na makosa vinaendelea vilevile, maana mnafuta ushahidi kila juma. Atakuuliza: "Mama, umetibu ugonjwa au umefuta joto kwenye kipimajoto?"

Jitayarishe hivi. Tafuta karatasi za Jumamosi za Aprili na Mei 2023. Chagua aina zilizokutwa na tofauti zikasahihishwa, tuseme 60 kwa jumla kutoka majuma kadhaa. Zifuate zote 60 hadi hesabu ya Juni. Ukikuta nne tu ndizo zilizoharibika tena, chanzo kilitibiwa. Ukikuta ishirini, mlikuwa mnasafisha karatasi tu, na ni afadhali ulijue leo kuliko mbele yao. Kazi hiyo ni ya jioni mbili. Hakuna mgombea mwenzako atakayeifanya, kwa sababu inaogopesha.

Na ukikuta ni chache, eleza chanzo chenyewe. Mimi sikuwa katika depo yenu, lakini depo za malori zinafanana kama sufuria za bukari. Kuna vipuri vinavyotolewa usiku bila karatasi ya boni kwa ahadi ya "nitaandika kesho". Kuna filta zilizopokelewa kwa katoni na kutolewa moja moja, hivi kwamba mmoja anaandika 1 akimaanisha katoni na mwingine anaandika 12. Kuna kipuri kimoja kinachokaa rafu mbili chini ya namba mbili, ya mtengenezaji na ya muuzaji. Taja chanzo kimoja mlichokuta kweli, useme mlikifanya nini. Kimoja kinatosha. Ukitaja sita, wataona umesoma kitabu.

Kabla ya kubeba tarakimu hizo, hakikisha mambo mawili. La kwanza, je, kanuni ya kuhesabu ilikuwa ileile mara zote tatu? Kama mwaka 2022 bolti moja iliyokosekana kati ya 500 ilihesabiwa kuwa tofauti, na mwaka 2024 mliruhusu upungufu mdogo kwa vitu vya bei ndogo, basi asilimia zako hazilinganishiki. Itabidi uondoe bolti na nati katika hesabu zote tatu, upige upya. La pili, daftari lako si ushahidi, ni kumbukumbu yako. Ushahidi ni karatasi za inventeri zenye sahihi ya mtu wa fedha aliyesimama pale mkihesabu. Ziko kwenye faili zao. Ziombe kupitia shefu wako, na uchukue nakala ya ukurasa wa jumla tu.

Sasa kuhusu kujisifu. Malezi yetu yanatufundisha kusema "sisi", na ni malezi mazuri, ila jopo haliwezi kupandisha "sisi" cheo. Usiliache neno hilo, ligawe. Jaribu hivi, ukiweka yaliyotokea kweli kwenu: "Machi 2023 nilimwendea shefu nikaomba tuhesabu aina 30 kila Jumamosi. Alikubali. Nilichagua zianze zile zinazotoka mara nyingi zaidi. Vijana wawili walihesabu, nami nilisimama na fishi. Mmoja wao ndiye aliyegundua shida ya katoni." Humo hamna hata neno moja la sifa. Kuna nani aliamua, nani alikubali, nani alihesabu, nani aligundua. Yule kijana mtaje kwa jina, maana huenda mkuu wa karakana anamfahamu, na kiongozi ndiye anayejua kazi ya kila mtu wake. Shefu wako naye mwonyeshe maneno hayo kabla ya siku yenyewe. Jopo litampigia simu, hilo usiwe na shaka nalo, na asije akasema kwamba Jumamosi zilikuwa wazo lake.

Mkuu wa karakana, hata hivyo, hatapoteza usingizi kwa ajili ya fishi zinazolingana. Yeye anaona fundi amekaa juu ya tairi akingoja. Kwa hiyo mtafutie tarakimu moja ya kwake: boni zilizohudumiwa siku ileile. Toa boni zote za Mei 2022 na zote za Mei 2024. Zigawe mafungu mawili, zilizopata kipuri siku hiyohiyo na zilizongoja. Chukua mwezi uleule wa miaka miwili, kwa sababu malori ya kiangazi na ya masika hayavunjiki namna moja. Ukilinganisha Januari yenye matope na Agosti yenye vumbi, yeye mwenyewe atakukatiza. Ukipata kwamba mwaka 2022 boni 6 kati ya 10 zilihudumiwa siku ileile na mwaka 2024 zilikuwa 8, umemwambia jambo analolihisi mwilini.

Hapo uishie. Kuna mtu atakushauri uzidishe siku za lori kwa dola lori linazoingiza, kisha useme umeokoa kampuni dola elfu kadhaa. Usithubutu. Lori lililongoja kipuri lilikuwa linangoja pia fundi, dereva, wakati mwingine hata mteja alipe. Mkuu wa karakana anajua hayo kuliko wewe, na mkuu wa fedha hajaona dola hizo katika kitabu chake.

Tuje kwenye kukua. Hapa wengi hutoa vyeti. Kama unacho cha kompyuta au cha stoki, weka nakala nyuma, kitasomwa na mkuu wa wafanyakazi. Ila kukua kwako kunaonekana vizuri zaidi katika ile pampu unayoiogopa. Kila mtu mezani anaikumbuka. Usipoitaja, wataiuliza, nawe utaonekana uliificha. Ukiitaja mwenyewe, inageuka kuwa ushahidi.

Isimulie kwa sentensi chache, bila machozi na bila kumlaumu fundi aliyeipokea. Mwaka 2022 ulitoa pampu isiyo yake, lori likalala siku mbili. Chanzo kilikuwa hiki, na hapa useme chanzo cha kweli. Kwa kawaida ni namba mbili zinazofanana hadi herufi ya mwisho, zimekaa rafu moja, na ombi limeandikwa "pampu ya maji" tu. Tangu hapo umebadilisha nini? Labda pampu hizo mlizitenga. Labda hutoi kipuri cha injini bila fundi kuleta namba ya injini au kipuri cha zamani mkononi. Kisha malizia na tarakimu: tangu siku hiyo, vipuri vilivyorudishwa kwa kutolewa kimakosa ni vingapi kwa mwaka? Boni za marejesho zipo, zihesabu. Kama hukubadilisha lolote, bado una majuma matatu ya kulianza, ila siku hiyo useme limeanza juzi, maana tarehe haidanganyiki.

Ongeza jambo moja la pili katika kukua: uamuzi ambao zamani ulimngoja shefu na leo unaufanya mwenyewe. Shefu alipokuwa likizoni, nani alitia sahihi oda ya haraka? Nani alikataa kupokea mzigo uliofika pungufu? Kama ni wewe, leta siku moja kama hiyo, na karatasi yake. Nafasi mnayoigombea ni ya kuamua. Kubeba na kupanga kuna wengine.

Mipango ndiyo sehemu inayoharibika mara nyingi zaidi, kwa sababu watu huleta minane. Nitaanzisha hiki, nitaboresha kile, semina, kamera, rangi mpya ya rafu. Jopo linasikiliza likijiuliza fedha zitatoka wapi. Wewe leta miwili inayoshikana, wa kwanza ukigharimia wa pili.

Nianze na ule wa pili, ndio wenye uzito. Vipuri vyenu vingi, kama vya wote hapa, huja kutoka kusini na kupita mpaka wa Kasumbalesa. Unajua foleni ya malori pale inavyoweza kuwa. Depo nyingi huweka kiwango cha kuagiza kwa kuhesabu siku za kawaida. Chukua filta ya mafuta. Tuseme mnatumia 4 kwa siku, na mzigo kwa kawaida hufika baada ya siku 21. Nne mara 21 ni 84, basi mtu anaandika kwenye fishi kwamba zikibaki 84, agiza. Mpaka ukifunga, mzigo ukachukua siku 35, filta zinaisha siku ya 21 na malori yanangoja majuma mawili. Ukitumia siku 35, ambazo umeziona mwenyewe katika boni zenu za mapokezi, kiwango kinakuwa 140. Tofauti ni filta 56. Filta moja ikiwa dola 18, umeiomba kampuni iweke rafuni dola 1,008 zaidi kwa aina hiyo moja.

Mkuu wa fedha atakunja uso, na ana haki. Ukifanya hivyo kwa aina zote 1,310, utamfilisi. Kwa hiyo sema mapema: utaifanya kwa vile tu ambavyo vikikosekana lori halitembei, na ambavyo havipatikani kwa wauzaji wa hapa mjini. Kaeni na karakana mvitaje kimoja kimoja. Huenda vikawa 40. Taa ya ndani na kioo cha pembeni havimo.

Dola za kuvigharimia zitoke kwenye mpango wa kwanza, yaani stoki iliyolala. Toa orodha ya aina zote ambazo hazijatoka hata moja kwa miezi 24, na thamani yake. Katika depo ya malori orodha hiyo huwa ndefu hadi inatia aibu, kwa sababu kampuni huuza lori la zamani na kuacha vipuri vyake rafuni. Baadhi muuzaji atavipokea tena kwa bei ya chini, baadhi watavinunua mafundi wa mjini. Lakini kuwa macho, hapa ndipo wasaidizi wengi hujikwaa. Si kila kilicholala kimekufa. Giaboksi ambayo haijaguswa miaka mitatu inaweza kuwa ndiyo pekee ya aina yake, na siku ikihitajika, kuileta ni miezi. Kwa hiyo sema kwamba hakuna kitakachouzwa bila sahihi ya mkuu wa karakana kwamba lori lake halipo tena au kwamba kipuri hicho kinapatikana karibu. Sentensi hiyo peke yake itamfanya ainue kichwa, maana depo iliyowahi kuuza kipuri cha dharura haisahau.

Mipango hiyo ipe tarehe, na uipe pia alama ya kushindwa. Miezi mitatu ya kwanza: orodha ya stoki iliyolala na ya vipuri 40. Kufika mwezi wa sita, mauzo ya kwanza na viwango vipya kwenye programu. Kama kufika mwezi wa nane boni zinazongoja kwa vile 40 hazijapungua, utasimamisha nyongeza na kurudi kwa mkuu wa fedha na sababu. Usiahidi asilimia 99. Kutoka 75 kwenda 93 mliondoa makosa makubwa. Yaliyobaki ni madogo na yametawanyika, na kila pointi inayofuata itawachukua muda mrefu kuliko iliyotangulia. Ahidi 95, ueleze kwa nini si zaidi.

Dakika kumi zigawe hivi: nne kwa matokeo, mbili kwa pampu na uamuzi wako, nne kwa mipango. Weka yote kwenye karatasi moja, upande mmoja: asilimia tatu na tarehe zake, boni za Mei mbili, mipango miwili na tarehe. Chapa nakala nne, moja ni yako. Projekta usiitegemee. Umeme ukikatika dakika ya tatu, wenzako watasimama gizani wakitafuta maneno, wewe utaendelea kusoma karibu na dirisha. Fanya mazoezi mbele ya mumeo na saa mkononi, na safari hii usimuulize kama ni nzuri. Muulize akueleze alichosikia. Akikosa kutaja 75 na 93, umesema mengi mno.

Kati ya maswali, mawili uyatazamie zaidi. La kwanza: "Kwa nini wewe, si fulani?" Usimguse mwenzako hata kwa kucha. Sema hujui karatasi atakazoleta yeye, ila za kwako ndizo hizi, na urudi kwenye asilimia. Mkipita hapo mtaendelea kufanya kazi pamoja, yeyote atakayepewa.

La pili husahaulika, na ndilo limewaangusha watu hodari kuliko wote: "Tukikupandisha, nani atafanya kazi yako?" Depo ikionekana haiwezi kufunguliwa asubuhi bila wewe, watakuacha pale pale ulipo, tena kwa sifa nyingi. Kuanzia Jumamosi hii mkabidhi fishi mmoja wa wale vijana aongoze hesabu, wewe ukae pembeni. Siku ya jopo utakuwa na Jumamosi mbili au tatu ulizokuwa kando, na karatasi zenye sahihi yake.

Wakikupa, omba barua inayotaja cheo, kategoria mpya, mshahara, na kama kuna kipindi cha kujaribiwa, ni cha miezi mingapi na utapimwa kwa nini. Kukaimu bila karatasi kunaweza kuvuka mwaka. Wasipokupa, omba robo saa na mkuu wa karakana, umuulize ni tarakimu gani aliyoitaka na hakuiona. Mimi baada ya jopo langu la kwanza sikuuliza, nilinuna miezi minne, na jibu nikalipata kwa bahati tu kwenye matanga ya mtu.

Sasa anza na faili za fedha. Mwisho wa mwezi hawatakuwa na nafasi ya kukutafutia karatasi za Desemba 2022, na bila hizo ile 75 inabaki kuwa neno lako. Nenda Jumatatu, mapema, kabla foleni ya boni haijaanza dirishani kwako.

Yaya